Mwongozo kamili: kutafsiri nahau na methali kwa mashine bila kumpotosha msomaji

Bibi wa Kimombasa aliyehamia kwa wanawe Uingereza yuko kliniki. Muuguzi anamwuliza kama anaogopa sindano, naye anajibu kupitia programu ya tafsiri iliyo kwenye simu: "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi, siogopi sindano." Simu inatoa Kiingereza safi kabisa, chenye sarufi sahihi, kinachosema kwamba mama huyu amekula chumvi kwa wingi. Muuguzi anaandika kwenye faili kuhusu chumvi na kuanza kuuliza habari za presha. Bibi alitaka kusema tu kwamba ameishi miaka mingi na ameona mengi.

Mfano huu nimeutunga, ila kosa lenyewe ni la kweli na ndilo mwongozo huu unalolishughulikia. Tafsiri sisisi, yaani ya neno kwa neno, inayochekesha haina hatari kubwa, maana msomaji huishtukia. Hatari iko kwenye tafsiri sisisi inayoingia akilini. Mashine za zamani ziliboronga sarufi, na ule uborongaji ulikuwa onyo kwa msomaji. Mashine za leo, zinazotumia mitandao ya neva, huandika sentensi laini hata pale zilipokosea maana, kwa hiyo onyo halipo tena. Nitaeleza jinsi ya kulipata kosa hilo, kulipima, na kulizuia, nikitumia tafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na modeli ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuishusha.

## Kwa nini mashine hushikilia maneno

Modeli ya tafsiri haina orodha ya nahau mahali popote ndani yake. Hukata sentensi vipande vidogo, mara nyingi vidogo kuliko neno, kisha hujifunza kutokana na mamilioni ya jozi za sentensi kwamba vipande fulani vya Kiswahili huenda na vipande fulani vya Kiingereza. Katika jozi hizo, "chumvi" imekutana na chumvi ya Kiingereza mara nyingi mno: kwenye mapishi, kwenye makala ya afya, kwenye Biblia. Mahali ambapo "kula chumvi nyingi" imewekwa sambamba na maana ya kuishi miaka mingi ni pachache sana. Sehemu kubwa ya matini sambamba za Kiswahili imetoka kwenye maandiko ya dini, habari na tovuti za taasisi, na waandishi wa huko hawazungumzi kama watu wa barazani.

Mwaka 2022 Verna Dankers, Christopher Lucas na Ivan Titov walichungulia ndani ya modeli za aina hii zilizokuwa zikitafsiri nahau za Kiingereza kwenda lugha kadhaa za Ulaya. Waliona kwamba pale modeli ilipotoa maana ya kinahau, maneno ya nahau yalikuwa yameshikana zaidi ndani ya sehemu inayosoma sentensi, kana kwamba ni kitu kimoja. Ila mwelekeo wa jumla wa modeli ulikuwa kulishughulikia kila neno peke yake na kisha kuunganisha. Kwa Kiswahili tatizo huongezeka kwa sababu kitenzi cha nahau hubadilika sura: amekula, aliyekula, tuliokula, hajala, hula. Modeli ikiwahi kujifunza sura moja, haina dhamana ya kuzitambua nyingine.

## Hatua ya kwanza: tenga nahau zako katika makundi matatu

Usianze kwa kukusanya kila nahau unayoijua. Anza kwa kujiuliza nini kitatokea ikitafsiriwa neno kwa neno, kwani jibu ndilo linaloamua kama inahitaji kazi yako.

Kundi la kwanza ni zile ambazo picha yake husafiri yenyewe. "Wapiganapo tembo, nyasi huumia" ikitafsiriwa kama ilivyo, Mwingereza, Mhindi na Mbrazili wataelewa. Ziache.

Kundi la pili ni zile ambazo tafsiri sisisi hutoa kioja. Ukisema jirani yako ana mkono wa birika, msomaji wa Kiingereza anaona mkono wa birika na kujua kuna kitu kimepotea. Hajaelewa kwamba jirani ni bahili, ila hajapotoshwa. Atauliza.

Kundi la tatu ndilo la kuliwekea mkazo, nalo ni dogo kuliko unavyodhani. Hizi ni nahau ambazo maneno yake, yakichukuliwa juu juu, yanasimulia jambo la kawaida la nyumbani. Aliyemwaga unga amefukuzwa kazi, ila Kiingereza kitasema alimwaga unga wa ugali. Aliyepata jiko ameoa, ila Kiingereza kitampa jiko la kupikia. Aliyevaa miwani amelewa, ila Kiingereza kitampeleka kwa daktari wa macho. Na iko moja inayonisumbua kuliko zote: "amevunja ungo". Katika ripoti ya ustawi wa jamii, sentensi kwamba binti aliolewa kabla hajavunja ungo ina uzito wa kisheria, kwa sababu inasema alikuwa hajabalehe. Ikitafsiriwa neno kwa neno, afisa anasoma kwamba binti hakuwa amevunja chombo cha kupepetea nafaka. Kama anajua kwamba wazazi wengine hukasirikia vyombo, ataipita bila kusita.

Chagua nahau ishirini hadi thelathini za kundi hili zinazotokea katika aina ya matini unazotafsiri. Mhariri wa habari za siasa atakuwa na orodha tofauti na mkalimani wa hospitali.

## Hatua ya pili: andika sentensi za majaribio kwa jozi

Kwa kila nahau andika angalau sentensi mbili: moja yenye maana ya kinahau, nyingine yenye maana halisi. Hii ya pili watu huisahau, na bila hiyo hutajua kama mashine imeelewa au imekariri. Ziweke kwenye faili la safu tatu zilizotenganishwa kwa kitufe cha Tab. Safu ya mwisho ina maneno ya Kiingereza ambayo, yakitokea, yanaonyesha kwamba tafsiri ni sisisi.

```
aina	sentensi	marufuku
nahau	Kaka amemwaga unga baada ya kugombana na bosi.	flour|spill|pour
halisi	Mtoto amemwaga unga sakafuni.	flour|spill|pour
nahau	Babu amekula chumvi nyingi, msikilizeni.	salt
halisi	Mgonjwa amekula chumvi nyingi, presha imepanda.	salt
```

Angalia sentensi za kinahau. Zina dokezo: ugomvi na bosi, wito wa kumsikiliza babu. Ongeza pia sentensi chache zisizo na dokezo lolote, kama "Kaka amemwaga unga." Hiyo hata mimi siwezi kuitafsiri bila kujua kilichotangulia, na ni vizuri ujue mashine huelemea upande gani inapoachwa peke yake. Sentensi za namna hii zisihesabiwe kama makosa. Zitengee jina lake kwenye safu ya aina.

Badilisha pia sura za kitenzi. Andika "waliokula chumvi nyingi", "hajala chumvi nyingi", "wenye kula chumvi nyingi". Mashine ikiweza moja na kushindwa nyingine, umegundua kwamba ilichonacho ni mfuatano wa herufi tu, na maana haijaishika.

## Hatua ya tatu: endesha modeli na uhesabu

Modeli ya NLLB-200 ilitolewa na Meta mwaka 2022, inatafsiri lugha 200, na toleo lake dogo linaendeshwa hata kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya michoro, ingawa polepole. Leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara, basi itumie kwa majaribio. Msimbo wa Kiswahili ni `swh_Latn`. Ukiwa na Python na maktaba za `transformers` na `torch`, haya yanatosha:

```python
import csv, re
from transformers import AutoTokenizer, AutoModelForSeq2SeqLM

jina = "facebook/nllb-200-distilled-600M"
tok = AutoTokenizer.from_pretrained(jina, src_lang="swh_Latn")
mod = AutoModelForSeq2SeqLM.from_pretrained(jina)

def tafsiri(s):
    x = tok(s, return_tensors="pt")
    y = mod.generate(**x, num_beams=5, max_new_tokens=80,
        forced_bos_token_id=tok.convert_tokens_to_ids("eng_Latn"))
    return tok.batch_decode(y, skip_special_tokens=True)[0]

with open("nahau.tsv", encoding="utf-8") as f:
    for r in csv.DictReader(f, delimiter="\t"):
        t = tafsiri(r["sentensi"])
        sisisi = bool(re.search(r["marufuku"], t, re.I))
        print(r["aina"], sisisi, t, sep="\t")
```

Wazo la maneno ya marufuku si langu. Christos Baziotis, Prashant Mathur na Eva Hasler walilieleza mwaka 2023 kama njia ya kupima tafsiri sisisi za nahau bila kuhitaji mtu asome kila sentensi. Unasoma hivi: kwenye mistari ya nahau, kila `True` ni kosa. Kwenye mistari halisi ni kinyume chake, kwa kuwa hapo unga ni unga, na `False` ndiyo yenye mashaka.

Ila usiridhike na `False` kwenye mstari wa nahau. Maana yake ni kwamba neno la marufuku halikutokea, basi. Huenda mashine imeipata maana. Huenda pia imeiruka nahau kabisa na kutafsiri "msikilizeni" peke yake, au imebuni kitu cha tatu. Mistari hiyo isome kwa macho yako. Ni michache, na ndiko utakakojifunza zaidi tabia ya modeli unayoitumia.

## Vipimo viwili vitakavyokudanganya

Cha kwanza ni kile ambacho watu wengi hukimbilia: kuirudisha tafsiri kwenye Kiswahili na kuangalia kama inafanana na ya mwanzo. Kwa nahau, kipimo hiki hufanya kazi kinyumenyume. "Amekula chumvi nyingi" ikienda Kiingereza neno kwa neno, itarudi neno kwa neno, na utaona tena "amekula chumvi nyingi", nzima, bila mkwaruzo. Utapumua. Tafsiri sahihi ndiyo itakayorudi imebadilika: utaona "ameishi miaka mingi", na kama huna habari utadhani hiyo ndiyo yenye kosa. Kadiri mashine inavyoshikilia maneno ndivyo inavyofaulu mtihani huu. Mtu asiyejua Kiingereza hana njia nyingine ya kujihakikishia kwenye simu yake isipokuwa hii, na ndiyo inayomthibitishia kosa.

Cha pili ni alama za jumla kama BLEU na chrF, ambazo hulinganisha tafsiri ya mashine na ya binadamu kwa kuangalia maneno au herufi zinazofanana. Katika sentensi ndefu yenye nahau moja, maneno matatu yakikosewa, mengine kumi na tano bado yako sawa na alama inabaki nzuri. Tena, seti ya FLORES-200 inayotumika sana kupimia Kiswahili imetokana na sentensi za Kiingereza za Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage zilizotafsiriwa. Matini za namna hiyo hazina mtu anayemwaga unga. Modeli inaweza kuwa na alama za kupendeza bila kuwahi kuulizwa swali lenyewe.

## Hatua ya nne: ifungue nahau kabla mashine haijaiona

Njia ya uhakika zaidi kwa mtu asiye na uwezo wa kufunza modeli ni kuhariri matini chanzi. Unatafuta nahau za kundi la tatu, unaziandika upya kwa Kiswahili cha wazi, kisha unaipa mashine. "Babu amekula chumvi nyingi" inakuwa "Babu ameishi miaka mingi." "Kaka amemwaga unga" inakuwa "Kaka amefukuzwa kazi."

Kutafuta kunaweza kufanywa na kompyuta. Kubadilisha kusifanywe na kompyuta. Sababu ni zile sura za kitenzi: ukiweka kanuni inayobadilisha maneno moja kwa moja, utapoteza wakati, ukanushi na mtendaji. Basi msimbo utie alama tu na mtu aandike:

```python
import re

alama = [r"\b\w*la chumvi nyingi\b",
         r"\b\w*mwag\w+ unga\b",
         r"\b\w*pat\w+ jiko\b",
         r"\b\w*vunj\w+ ungo\b"]

with open("matini.txt", encoding="utf-8") as f:
    for n, s in enumerate(f, 1):
        if any(re.search(a, s, re.I) for a in alama):
            print(n, s.strip())
```

Alama ya kwanza inakamata amekula, waliokula, hajala na hula kwa pamoja, kwa sababu zote huishia na "la". Haikamati "ale chumvi nyingi"; iongeze ukiihitaji.

Sasa una mistari iliyotiwa alama, na kwa kila mmoja unapaswa kuamua: hii ni nahau au ni unga kweli? Muktadha ndio hakimu mkuu, lakini sarufi ya Kiswahili inakupa ushahidi ambao watu hawautumii. Nahau hupenda kukaa ilivyo, haitaki kufunguliwa. Ukikuta kiambishi cha yambwa, "ameumwaga unga", huyo anazungumzia unga fulani unaojulikana, hajafukuzwa kazi. Ukikuta nomino imetangulia na kitenzi kikafuata na kirejeshi, "chumvi nyingi aliyokula", hiyo ni chumvi ya mdomoni. Ukikuta kivumishi kimeongezwa, "amepata jiko jipya la gesi", usimpelekee pongezi za ndoa. Kipimo cha mahali pia husaidia: sakafuni, jikoni, mezani. Ukikosa vyote hivyo, rudi nyuma aya nzima, na ukikosa hata hapo, muulize aliyeandika. Kubahatisha ndiko hasa unakojaribu kuizuia mashine.

Tuifanye moja mpaka mwisho. Barua ya familia kwa wakili wa uhamiaji inasema: "Mwanangu alimwaga unga mwezi wa tatu, na kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza amepata jiko, mambo yakawa magumu." Msimbo unautia alama mstari huo, nao una nahau mbili. Hakuna kiambishi cha yambwa, hakuna kivumishi, hakuna mahali, na "mwezi wa tatu" haiwezi kuwa tarehe ambayo mtu anakumbuka unga uliomwagika. Unaandika: "Mwanangu alifukuzwa kazi mwezi wa tatu, na kwa kuwa alikuwa ametoka tu kuoa, mambo yakawa magumu." Umefungua pia "ndiyo kwanza", ambayo si nahau ya kamusi ila mashine huweza kuisoma kama habari ya mara ya kwanza. Wakili anayetaka kujua lini kipato cha familia kilikatika na lini ndoa ilifungwa sasa ana vyote viwili. Katika tafsiri sisisi angekuwa na unga na jiko, na angehitimisha kwamba ni hadithi ya umaskini wa jumla.

Hifadhi matini ya asili kando ya iliyofunguliwa. Kwenye barua ya kisheria ni lazima, maana aliyesema alisema "alimwaga unga", na anaweza kuulizwa kuhusu maneno yake mwenyewe.

## Methali zinataka mkono tofauti

Nahau huvaa maana moja na ukiivua umemaliza. Methali ni kauli nzima ambayo maana yake hutegemea imesemwa na nani na wapi. Juu ya hayo, methali za Kiswahili zimebana sana. "Ukiona vyaelea, vimeundwa" haitaji kinachoelea. Msikilizaji wa pwani anajua ni vyombo vya baharini, lakini mashine inaona kiambishi "vy-" tu, na Kiingereza kinailazimisha kuweka kiwakilishi au kubuni nomino. "Kikulacho ki nguoni mwako" ina kitenzi cha zamani, "ki", ambacho Kiswahili cha magazeti hakikitumii. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ina sehemu tatu za jahazi ambazo vijana wengi wa bara hawazijui. Usitegemee modeli izijue.

Kwa methali, fungua kwanza kilichobanwa, kisha ongeza sentensi ya kazi yake pale ilipotumika. Tuseme mzazi anazungumza kwenye mahafali ya mwanawe na kusema "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Unaipa mashine: "Ukiona vyombo vinaelea baharini, ujue kuna watu waliovitengeneza." Hiyo itatoka vizuri kwa sababu kila kitu kimetajwa. Baada yake unaandika mwenyewe, au kuitafsirisha kando: "Yaani mafanikio haya yana jasho nyuma yake." Methali hiyo hiyo akiambiwa mtu anayemwonea wivu jirani mwenye duka, sentensi ya pili itabadilika iwe ya kumrudi. Ya kwanza inabaki.

Kishawishi kikubwa ni kutafuta methali ya Kiingereza inayofanana na kuibandika. Kwenye tangazo au kichekesho inakubalika. Kwenye ushahidi, mahojiano na habari, mimi naikataa, kwa sababu unamtia mzungumzaji mdomoni picha ambayo hakuisema, na mara nyingi methali mbili zinazofanana hazifanyi kazi ileile. Kwenye kipeperushi cha afya, iondoe methali kabisa na useme jambo lenyewe.

## Ukiweza kuifunza modeli

Wenye uwezo wa kuendelea kuifunza modeli wanaweza kuilisha jozi za nahau zenye tafsiri sahihi. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Ukilisha mifano ya kinahau peke yake, modeli itajifunza kwamba kila anayemwaga unga amefukuzwa kazi, na mtoto wa sakafuni atakuwa hana ajira. Kwa hiyo changanya: kwa kila nahau weka mifano ya maana halisi pia, na yote iwe sehemu ndogo ndani ya matini za kawaida ili modeli isisahau kazi yake nyingine. Weka baadhi ya nahau nje ya mafunzo kabisa, uzitumie kupima tu. Halafu endesha lile faili la `nahau.tsv` kabla na baada. Kama `True` za mistari ya nahau zimepungua huku `True` za mistari halisi zikibaki palepale, umefaulu. Kama zote zimeporomoka pamoja, umeipofusha modeli isiuone unga, na ni afadhali urudi kwenye kufungua nahau kwa mkono.

Huduma za mtandaoni hubadilishwa modeli bila mtumiaji kuarifiwa, kwa hiyo faili hilo liendeshe upya mara kwa mara na uandike tarehe kando ya kila tokeo.